Pingili ya muhogo: anza kuichagua kabla majani hayajapukutika

Shamba letu liko Mkuranga, mkoani Pwani, na huku wengi wakitaka mbegu ya muhogo husubiri jirani avune, kisha hubeba miti iliyotupwa pembeni. Mimi mbegu naichagua mihogo ikiwa bado na majani. Miti ikishakatwa na kufungwa mzigo, huwezi tena kujua ipi ilikuwa na ugonjwa.

Ugonjwa unaonisumbua zaidi ni michirizi ya kahawia. Batobato unauona kwa mbali, majani yamejikunja na kuwa na mabaka. Michirizi hujificha. Mti unaweza kusimama vizuri na juu ukapendeza, kumbe mizizi imeoza ndani. Tazama majani ya chini, yale yaliyokomaa: ukiona umanjano unaofuata mishipa ya jani, mti huo usiuchukue. Miti inayoonekana safi naifunga kitambaa. Siku ya kuvuna nachimba na kukata mizizi yake kadhaa vipande, na nikikuta doa la kahawia kavu ndani, kitambaa nakifungua. Hata aina kama Kiroba, inayovumilia ugonjwa huu, naipitisha kwenye kipimo hichohicho, maana kuvumilia si kutougua.

Umri mzuri wa mti wa mbegu ni miezi 8 hadi 12 hivi. Ukifika miezi 18 bado unafaa, ila sehemu ya chini inakuwa imeshakuwa gogo na macho yake huchelewa kuchipua. Ncha ya juu yenye rangi ya kijani itupe, kwa sababu ina maji mengi na chakula kidogo: jua likiwaka inanyauka, mvua ikizidi inaoza. Chukua katikati. Ukikata, tazama ule moyo mweupe laini ulio ndani. Ukiwa mpana kuliko nusu ya unene wa mti, hapo hapajakomaa, shuka chini kidogo. Utomvu nao utoke mara tu panga linapopita. Usipotoka, mti umekauka.

Kila pingili naipa sentimita 25 hivi, yenye macho matano hadi saba. Panga liwe kali, na mti ushike mkononi hewani badala ya kuukandamiza juu ya gogo, maana magome yakichanika ndipo uozo unapoingilia.

Piga hesabu mapema. Nusu ekari kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja inataka pingili kama 2,000. Mti mzuri mmoja una sehemu ya katikati ya mita moja na robo, yaani pingili tano, kwa hiyo utahitaji miti 400. Kama kila shina lina miti miwili, hayo ni mashina 200 ya kufunga vitambaa, na ongeza kidogo kwa ajili ya yatakayokataliwa siku ya kuchimba.

Sasa namna ya kuisimamisha. Sehemu kubwa ya shamba letu ni mchanga, na hapo naipanda wima, theluthi mbili ikiwa ardhini. Mchanga wa juu hukauka haraka na kupata moto, kwa hiyo ncha ya chini inatakiwa ifike penye unyevu. Mizizi itakwenda chini zaidi, lakini kwenye mchanga kung'oa si taabu. Kule bondeni, kwenye udongo mzito kidogo, natengeneza matuta na kuilaza nusu, kama nyuzi 45, zote zikiegemea upande mmoja. Mizizi haiendi chini sana, na wakati wa kuvuna unajua uvute kuelekea wapi. Kuilaza kabisa na kuifukia sikupendi: inatoa machipukizi mengi na mizizi mingi, lakini midogo, tena iko juu juu, panya wanaifikia kirahisi.

Vyovyote utakavyopanda, macho yaangalie juu. Kwenye pingili isiyo na majani utayajua hivi: chini ya kila jicho kuna kovu pale jani lilipodondokea. Kovu likiwa juu ya jicho, umeishika kichwa chini. Ukiipanda hivyo itachipua, lakini kwa kuchelewa, na mavuno yake hupungua. Vijana wakinisaidia kupanda, nawaambia waguse kwa kidole gumba, maana jioni macho ya mtu huchoka.

Mvua za masika zikichelewa, usikate pingili. Iache miti mizima, isimamishe kivulini chini ya mwembe, vitako vikiwa ndani ya udongo wenye unyevu. Siku ya kupanda, kata sehemu zilizokauka mpaka utomvu uonekane. Miti michache ibakize palepale. Udongo ukiwa na unyevu, ndani ya wiki mbili nyingi zinakuwa zimechipua, na ikifika wiki ya nne pita urudishie zilizokufa. Ukingoja zaidi ya hapo, zilizotangulia zitazifunika kwa kivuli.