Maswali na Majibu: Seli Tupu Ni Sufuri, au Iachwe Nje?

Kompyuta inasema mfugaji wetu mmoja huleta wastani wa lita 18 kwa siku. Bosi kapiga kikokotoo, kapata 10.3. Wiki ni ileile. Nani kakosea?
*Karani wa kituo cha maziwa, Kiruhura*

Hesabu zote mbili ni sahihi, ndugu yangu. Mmegawa kwa namba tofauti. Wiki uliyonitumia, kuanzia Jumatatu, inasomeka hivi: 18, 20, pengo, 16, pengo, 18, pengo. Jumla ni lita 72. Katika SQL, `AVG` huruka kila `NULL`, kwa hiyo imegawa 72 kwa siku 4. Bosi kagawa kwa siku zote 7. Ukitaka kuliona jambo hilo kwenye skrini, usiombe wastani peke yake:

```sql
SELECT AVG(lita), COUNT(lita), COUNT(*)
FROM maziwa_wiki;
```

`COUNT(lita)` itakupa 4, `COUNT(*)` itakupa 7. Zikitofautiana, ujue kuna mapengo, na ripoti yako inahitaji maelezo kabla haijafika kwa mtu yeyote.

Sasa mapengo hayo niyape sufuri au niyaache nje?
*Karani yuleyule*

Kwa data uliyo nayo kwenye kompyuta, huwezi kujua. Jibu limo katika daftari la kaunta, na nashukuru uliponitumia picha yake. Jumatano na Ijumaa mmeandika "hakuleta". Jumapili mmeandika "tangi limeharibika, maziwa yamerudishwa". Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, lakini kwenye jedwali yote yamekuwa `NULL` moja.

Jumatano na Ijumaa kiasi kinajulikana: kituo kilikuwa wazi, mzani ulikuwepo, mfugaji hakuja. Hiyo ni sufuri halali. Jumapili ng'ombe walikamuliwa na maziwa yakafika mlangoni, ila hakuna aliyepima. Ukiiandika sufuri, unamwekea mfugaji kosa la tangi lenu. Basi siku mbili zinaingia kama sufuri na moja inatoka: 72 kwa siku 6, lita 12. Ongeza safu ya sababu, kisha:

```sql
SELECT AVG(CASE WHEN lita IS NULL
                 AND sababu = 'hakuleta'
            THEN 0 ELSE lita END)
FROM maziwa_wiki;
```

Jumapili itabaki `NULL`, na `AVG` itairuka yenyewe. Usikimbilie `COALESCE(lita, 0)` juu ya safu nzima, maana hiyo haiulizi sababu. Itakurudisha kwenye 10.3 ya bosi.

Hata hivyo, ile 18 usiitupe. Ndiyo jibu la swali jingine: siku anapoleta, huleta kiasi gani? Anayempangia makopo anahitaji hiyo. Anayepanga gari la kupeleka maziwa Mbarara anahitaji 12, kwa sababu gari linaondoka hata siku ambayo mfugaji huyo hakuonekana.

Kipimo cha mafuta ya maziwa nacho kina mapengo. Nikitumia sufuri kwenye lita, si nifanye hivyohivyo huku pia ili ripoti ilingane?
*Mkaguzi wa ubora, Mbarara*

Hapana, na hapa sina "inategemea". Maziwa yasiyoletwa yana lita sufuri, lakini hayana asilimia ya mafuta. Chukua vipimo 4.2, 4.0, pengo, 3.8. Ukiacha pengo, wastani ni 4.0. Ukiweka sufuri, unashuka hadi 3.0, na kesho yake mtu anamshuku mfugaji kwamba katia maji. Bei kwa lita, joto la tangi, umri wa ng'ombe: vyote ni hivyohivyo. Kiasi kinaweza kuwa sufuri kweli. Sifa ya kitu ambacho hakikuwepo haiwezi.

Mimi natumia Excel. Nilisoma kwamba AVERAGE huruka seli tupu, mbona wastani wangu uko chini?
*Mhasibu, Jinja*

Huruka, ikiwa seli ni tupu kweli. Nadhani karatasi yako ya ripoti inavuta namba kutoka karatasi nyingine kwa fomula kama `=Januari!B4`. Fomula hiyo ikielekezwa kwenye seli tupu hurudisha 0, na `AVERAGE` inaihesabu. Kama umezima sufuri zisionekane, utaitazama seli na kuapa ni tupu. Ibonyeze usome mstari wa fomula. Dawa yake:

```
=IF(Januari!B4="","",Januari!B4)
```

Na tafadhali usitibu kwa `AVERAGEIF` yenye sharti `">0"`. Itaondoa sufuri za uongo pamoja na zile za kweli.

Kwetu siku ambayo mkulima hakuleta kahawa hatuandiki chochote, hata mstari haupo. COALESCE haikubadilisha kitu.
*Msimamizi wa data, Mbale*

Haiwezi. `COALESCE` hubadilisha pengo lililo ndani ya mstari, na wewe huna mstari. Zaidi ya hayo, `COUNT(*)` na `COUNT(kilo)` zitakuwa sawa, kwa hiyo kipimo nilichompa karani hapo juu hakitakuonya. Tengeneza jedwali la siku zote ambazo kituo kilifunguliwa, kisha uliunganishe na mapokezi kwa `LEFT JOIN`, siku zikiwa upande wa kushoto na sharti la mkulima likiwa ndani ya `ON`. Ukiliweka kwenye `WHERE`, mapengo uliyoyatafuta yatafutika tena. Siku ambazo kituo kilifungwa usiziweke kabisa. Hapo utakuwa umeshatenganisha "hakuleta" na "hatukupokea", na sasa `COALESCE(kilo, 0)` itakuwa na mstari wa kufanyia kazi.

Kwenye DHIS2, mfumo wetu wa takwimu za afya, niliandika 0 ya malaria kwa zahanati yetu, baadaye seli ikawa tupu. Wastani wa vituo ukapanda.
*Afisa takwimu, Kasese*

Mfumo umefanya ulivyopangwa. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sufuri, mpaka msimamizi aweke alama kwenye `Store zero data values` kwa kipengele hicho cha data. Mwombe aiwashe, kisha miezi iliyopita ijazwe upya. Kwa sasa, angalia kama fomu ya kila mwezi ya kituo, HMIS 105, ilikamilishwa: iliyokamilishwa ikiwa na seli tupu huenda ilikuwa sufuri, ila thibitisha na rejista; fomu ambayo haikutumwa ni pengo, usiijaze.

Mkurugenzi anataka namba moja tu. Niandike nini?
*Karani wa Kiruhura, tena*

Mpe 12, na chini yake mstari mmoja: "siku 6 kati ya 7; Jumapili haikupimwa." Akibana, mwonyeshe mipaka. Jumapili ingekuwa sufuri, wastani ungekuwa 10.3; ingekuwa 20, kama siku yake bora, ungekuwa 13.1. Kama uamuzi wake haubadiliki kati ya namba hizo, pengo halina madhara.

Ila nikuulize nawe: tangi huharibika siku yoyote, au mnashindwa kupima zile siku ambazo maziwa ni mengi na foleni imefika barabarani? Kama ni hizo za foleni, kuziacha nje kunaondoa siku kubwa kila mara, na 12 yako iko chini ya ukweli. Panga mapengo ya miezi michache kwa tarehe na sababu, uone kama yanaangukia msimu wa mvua, majani yakiwa tele. Yakiangukia huko, mwandikie mkurugenzi kwamba wastani huo ni wa siku zisizo na msongamano.