Maswali ya kabla na baada kwa semina ya warina asali, Tabora

"Nina semina ya siku mbili Sikonge. Nikirudia maswali yale yale mwishoni, si watakuwa wameyakariri?"

Watakariri, hasa ukisahihisha maswali ya mwanzoni mbele yao. Tunga karatasi mbili, A na B, kila swali likiwa na pacha anayepima jambo lile lile. Mfano, kuiva kwa asali. A: sega limezibwa nta robo tu, utalivuna leo? B: asali ya jirani imechacha, masega yake yalikuwaje alipovuna? Pacha hawa hawalingani ugumu (B anafikirisha zaidi), kwa hiyo nusu ya watu waanze na A, nusu na B, kisha wabadilishane. Kila mtu aandike namba yake ile ile kwenye karatasi zote mbili, ndugu yangu. Bila namba utabaki na wastani wa kundi zima tu, na walioondoka mapema watakuvurugia hesabu.