Mbwa anatapika na potasiamu iko juu: madafu weka kando

*Daktari, mbwa wangu jike wa miaka 4 anatapika siku ya tatu sasa na amelegea. Damu imeonyesha sodiamu 128, potasiamu 6.9, kloraidi 96, na kreatinini iko juu. Aliyempima anasema figo zimekufa. Jirani anasema nimpe maji ya madafu kurudisha potasiamu aliyoitapika. Mwaka jana aliugua hivihivi, akachomwa deksa, akainuka siku ileile. Nimfuate nani?*

Madafu usimpe hata kijiko. Potasiamu ya mbwa mzima kwa kawaida haizidi 5.5 hivi, na dafu limejaa potasiamu huku sodiamu yake ni haba. Mpeleke leo hii mahali penye drip na kipimo cha umeme wa moyo. Mbwa aliyekaukiwa maji hutakiwa moyo umwende mbio. Wake ukikutwa unapiga polepole, hiyo ni potasiamu inaubana, na unaweza kusimama.

Hii imani kwamba kila anayetapika amepungukiwa potasiamu nakutana nayo kila wiki, na inaua. Imetoka kwa mgonjwa wa aina nyingine kabisa. Mbwa akimeza kokwa la embe likaziba njia ya kutokea tumboni, anachotapika ni asidi ya tumbo, nayo hubeba kloraidi kwa wingi. Kloraidi yake huporomoka kuliko sodiamu, damu inaelekea kwenye alkali, na figo nazo zinamwaga potasiamu. Majibu yake yangesomeka, tuseme, sodiamu 140, potasiamu 2.8, kloraidi 84. Huyo ndiye wa kuongezewa potasiamu ndani ya drip, kisha apigwe picha ya tumbo na kuandaliwa kwa upasuaji.

Kuwatofautisha, zidisha kloraidi kwa 146 kisha gawanya kwa sodiamu. Kawaida jibu huangukia kati ya 107 na 113. Wa kokwa anapata 88, ishara kwamba asidi imepotea. Wako anapata 110: kloraidi imeshuka kwa kuifuata sodiamu tu, kwa hiyo habari yote iko kwenye sodiamu na potasiamu. Gawanya 128 kwa 6.9, unapata chini ya 19. Mbwa mzima huwa juu ya 27. Hapo mtu wa kwanza kushukiwa ni ugonjwa wa Addison: tezi zilizo juu ya figo zimeacha kutoa homoni ya aldosteroni, basi figo zinamwaga sodiamu na kubakiza potasiamu.

Figo kusemwa zimekufa ni mapema mno. Kreatinini hupanda pia damu inapofika kwenye figo ikiwa kidogo, na kwa Addison hata mkojo huwa mwepesi, kwa kuwa bila sodiamu figo hazina nguvu ya kuukoleza. Ndiyo maana magonjwa haya mawili huchanganywa. Akipata drip vizuri na kreatinini ikateremka ndani ya siku moja au mbili, figo zake zilikuwa na kiu tu.

Hata hivyo uwiano huo si hukumu. Minyoo mjeledi yenye kuharisha sana huiga sura hiyohiyo, na kibofu kilichoziba au kupasuka pia. Kinyesi kipimwe, na uhakikishe anakojoa. Damu ikipitia kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau nayo hudanganya, maana dawa ya kuzuia kuganda iliyomo ni chumvi ya potasiamu. Kalsiamu ikionekana iko chini ajabu, damu itolewe upya.

Kinachokata shauri ni kortisoli, homoni nyingine ya tezi hizohizo, ipimwe kabla ya sindano ya ACTH, ile inayoziamuru tezi kuitoa, na saa moja baadaye. ACTH isipopatikana, anzeni na kortisoli peke yake bila sindano: ikizidi mikrogramu 2 kwa desilita, Addison karibu tuiondoe. Ikiwa chini, bado haijathibitisha. Drip ya chumvi asilimia 0.9 isingoje majibu, ila sodiamu isipandishwe zaidi ya 10 kwa saa 24, ubongo huumia.

Sasa hiyo deksa ya mwaka jana. Deksa hufanya kazi ya kortisoli, kwa hiyo mbwa wa Addison huinuka kama hakuugua, lakini haigusi sodiamu wala potasiamu kama aldosteroni inavyofanya. Mwenye mbwa anashukuru, mchoma sindano anasifiwa, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini hadi siku mbwa anapoanguka. Ninaowalaumu ni wanaotembea na chupa ya deksa mfukoni wakimchoma kila mbwa anayetapika bila kuchukua hata tone la damu. Kwa mwenye kokwa tumboni wanachelewesha upasuaji na kumwongezea hatari ya kidonda. Kwa wa Addison wanaubana mfumo wa kortisoli, na kipimo kinakuwa kigumu kusoma. Prednisoloni ni mbaya zaidi, kwani mashine huweza kuihesabu kama kortisoli yenyewe. Damu itoke kwanza, sindano baadaye, na jina la dawa liandikwe kwenye karatasi unayoondoka nayo.