Nilivyoandika "kifua kikuu" kwenye bango la jimu

Juzi kuna dogo kanitumia meseji, anasema "shikamoo kaka, naomba unisaidie, hivi kubwa na kuu si kitu kimoja tu, kwa nini watu wanatusumbua?" Marahaba mdogo wangu. Nimecheka peke yangu hapa steshenari mpaka mteja kaniuliza kulikoni, kwa sababu swali hilohilo mimi nililijibu kwa shilingi 60,000 za mfukoni mwangu, na bado linaniuma.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kazi yangu kutaipu barua, kadi za harusi, mabango. Ikaja jimu moja mpya, mwenyewe kijana mwenye hela zake, anataka bango la fleksi la kuning'iniza barabarani, kaandika kwenye karatasi: "Njoo ujenge kifua kikubwa ndani ya miezi mitatu." Mimi nikajiona mjuzi. Nikasema kubwa ni neno la kawaida mno, kila mtu anasema kubwa, wacha niliinue kidogo, si unaona kwenye vitabu wanaandika lengo kuu, jambo kuu, yaani kuu imekaa kisomi. Nikabadilisha. Bango likatoka herufi nyekundu, likapanda juu: NJOO UJENGE KIFUA KIKUU NDANI YA MIEZI MITATU.

Kwa ambaye hajashtuka bado, kifua kikuu ni tibii. Ule ugonjwa wa kukohoa. Asubuhi ya siku ya pili madereva bajaji wanapita wanakohoa kwa makusudi mbele ya jimu, mama mmoja muuza ndizi akamwambia mwenye jimu "mwanangu, dawa zenyewe watu wanameza miezi sita, wewe unawapa ugonjwa kwa mitatu?" Nikalipia bango jipya mimi, na yule jamaa hajawahi kurudi kwangu mpaka leo, nikikutana naye Uyole anaangalia pembeni.

Sasa nisikilize, wewe ambaye najua unataka uandike matangazo ulipwe kama mimi. Kosa langu halikuwa kutojua maana ya kuu. Maana nilijua. Kosa ni kudhani kuu ni kubwa iliyovaa suti. Siyo. Kubwa inapima, kuu inapanga vyeo. Ukisema mlango mkubwa unaongelea upana na urefu wake, ukisema mlango mkuu unasema hapa ndo wageni wanapita, hata kama ni mdogo na mlango wa jikoni ni mpana kuupita. Barabara ya TANZAM inayotupitia hapa kutoka Iringa na Makambako kwenda Tunduma ni barabara kuu hata pale ilipobana malori yanapishana kwa shida. Na kuna barabara za mashambani pana kabisa, greda imetoka kupita, hizo utaziita kubwa ukitaka lakini kuu hazitakuwa.

Jaribio ninalotumia mimi ni kuweka "kuliko". Mlango huu mkubwa kuliko ule, imekaa vizuri. Mlango huu mkuu kuliko ule, mdomo unagoma. Au weka "sana": nyumba kubwa sana sawa, barabara kuu sana hapana. Kitu kinachopimika kinakubali kuongezwa, cheo ama unacho ama huna. Lugha ya kanisani inaruka kidogo hapo, utasikia "mkuu kuliko wote", usiige kwenye barua ya kuomba kazi.

Ila jaribio halikuokoi kila mahali na hapa ndo watu wengi wanaanguka, maana kuna maneno kuu imeshaoana nayo na ndoa hiyo imezaa maana mpya. Kifua kikuu ndo hiyo. Chuo kikuu, hata kiwe na majengo mawili. Sikukuu, ambayo mpaka tunaiandika neno moja, wakati siku kubwa ni ile ya harusi yako. Kaka mkubwa ni mliyezaliwa naye akakutangulia, kaka mkuu ni kiranja wa shule. Na mama mkubwa ni dada mkubwa wa mama, mama mkuu ni mtawa anayeongoza masista. Mimi mama yangu mkubwa nusura nimfanye mtawa kwenye kadi ya sendoff ya binti yake, ana wajukuu saba, bahati nilisoma kwa sauti kabla ya kuprinti. Hayo huyapimi kwa "kuliko", unayajua kwa kusikia watu, basi. Ukiwa na wasiwasi acha neno alilolileta mteja, yeye kazaliwa nalo.

Mwaka jana nimejilipa lakini, naomba nijisifu kidogo. Walikuja wazee wa ushirika wa kahawa kutoka upande wa Mbozi, wana tangazo la kubandika: "Kutakuwa na mkutano mkubwa wa wanachama." Nikawauliza, wazee wangu, mnataka watu wengi au mnataka mahesabu yasomwe na kura zipigwe? Wakasema mahesabu na viongozi wapya. Nikawaambia basi huo ni mkutano mkuu, mkiandika mkubwa watu watakuja wakijua ni hotuba na ngoma, wengine watabaki shambani, halafu mtakosa idadi ya kupiga kura. Mkutano mkuu unaweza kuwa na watu arobaini chini ya mti na bado ni mkuu kwa sababu hakuna kikao cha wanachama kilicho juu yake. Mzee mmoja akanishika mkono akasema kijana umesoma. Sijasoma, nimelipia fleksi.

Halafu kuna mdogo wao, bonge la. Bonge la goli, bonge la shoo, bonge la nyumba. Hili halipimi wala halipangi vyeo, linashangaa. Kwenye tangazo la disko liweke bila woga, "tamasha kubwa" inapoa kama chai ya stendi. Lakini kuna mwalimu aliniletea barua ya kwenda kwa mkuu wa wilaya imeandikwa "shule yetu ina bonge la tatizo la maji", nikamwambia mwalimu, hapo inasomeka kama unalifurahia tatizo. Tukaweka tatizo kubwa. Na ukisema bonge la mtu jiandae, mwingine ataelewa umemsifu, mwingine ataelewa umemwambia kanenepa.

Kuna kitu kimoja cha kanisani pia. Furaha kuu, hofu kuu, sauti kuu, hizo zinanukia Biblia, na kwenye kadi ya ubatizo zinapendeza. Ila usimwandikie jirani "punguza redio, ina sauti kuu", atadhani malaika wanashuka. Redio ina sauti kubwa.

Dogo, uliuliza pia "sababu kuu" au "sababu kubwa" kwenye insha yako. Zote zipo sahihi, ndo raha yake. Sababu kubwa ina uzito, sababu kuu ina nyingine chini yake zinazoitegemea. Ndo maana mtihani unaweza kukuambia taja sababu kuu tatu, maana yake zipo na ndogondogo, ziache. Kama insha yako ina sababu moja tu, andika kubwa.

Lile bango la kwanza sikulitupa. Nililiuza kwa bei ya hasara kwa jamaa anayepeleka parachichi toka Rungwe, analifunikia mzigo kwenye kirikuu, na mwezi uliopita limenipita hapa dukani, herufi zimefifia, lakini KIFUA KIKUU bado kinasomeka vizuri kabisa.