Aya ya utayari katika barua ya kuomba kazi kijijini

Swali: Mimi ni muuguzi na mkunga mwenye stashahada, na nimefanya kazi miaka 2 katika hospitali ya mjini. Naomba nafasi katika zahanati iliyo mbali sana na mji. Kijijini niliishi wakati wa mafunzo ya vitendo tu, na mwenzi wangu ameajiriwa mjini. Katika barua nimeandika: "Niko tayari kufanya kazi mahali popote nitakapopangiwa." Je, sentensi hii inatosha? Na je, nitaje familia?

Jibu: Haitoshi. Sentensi hiyo imo karibu katika kila barua inayofika mezani kwa afisa wa ajira, na kwa sababu hiyo haimwambii lolote kuhusu wewe. Ifanyie jaribio hili: ondoa jina lako, kisha uangalie kama sentensi hiyo hiyo ingeweza kuandikwa na dereva, mhasibu au mwalimu anayeomba kazi kwingine kabisa. Ikiwa ingeweza, bado hujaeleza utayari wako.

Afisa anayesoma barua ya namna hii hababaishwi sana na vyeti, kwa kuwa waombaji wengi wanavyo. Anachohofia ni mtu anayeajiriwa, anaripoti kituoni, anaingia katika orodha ya mishahara, kisha baada ya muda mfupi analeta ombi la uhamisho. Zahanati huwa na watumishi wachache, na mkunga mmoja akiondoka, huduma ya kujifungua usiku inaweza kusimama hadi apatikane mwingine. Kwa hiyo swali linalomsumbua ni kama utakaa, na aya yako ya utayari inapaswa kulijibu swali hilo kwa ushahidi.

Ushahidi huo unao, ila umeuacha nje ya barua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mwaka 2010, na kuyahuisha mwaka 2021, kuhusu namna ya kuwapata na kuwabakiza watumishi wa afya katika maeneo ya mbali. Miongoni mwa mambo yanayozingatiwa humo ni asili ya mtumishi kuwa ya kijijini, mafunzo aliyofanyia huko, na hali ya maisha yake pamoja na familia yake. Huna la kwanza, na si vyema kujifanya unalo, lakini la pili unalo. Kipindi ulichoishi kijijini wakati wa mafunzo ya vitendo ndicho kiini cha aya hii, nacho kitajwe kwa muda wake, mahali ulipolala na kazi ulizozifanya.

Kuna jambo jingine ambalo waombaji kutoka hospitali za mjini hulisahau, nalo ni kwamba umbali hubadilisha kazi yenyewe. Mjini, uchungu unapochelewa unamwita daktari aliye jengo hilo hilo. Kwenye zahanati ya mbali inakubidi uusome mwenendo wa uchungu katika patografu na uamue rufaa mapema zaidi, kwa sababu muda wa kusubiri gari na wa safari yenyewe ni sehemu ya hatari inayomkabili mama. Mwombaji anayeandika jambo hilo anamwonyesha msomaji kwamba amekwisha kuifikiria kazi ya huko, si kuitamani ajira tu.

Ningeiandika aya yako hivi, nawe ubadilishe muda na kazi zilizotajwa ziwe zile zilizo kweli kwako:

"Wakati wa mafunzo ya vitendo niliishi wiki 8 katika nyumba ya watumishi ya kituo cha afya kilicho mbali na mji, ambako nilishiriki katika kliniki ya mkoba na kuwahudumia wajawazito chini ya msimamizi mmoja. Ninaelewa kwamba katika zahanati iliyotangazwa nitahitajika kuishi karibu na kituo, kuwapokea wajawazito usiku, na kuamua rufaa mapema kwa kuzingatia umbali wa hospitali. Katika kazi yangu ya sasa ninajaza patografu kila zamu, na nimewahudumia akina mama waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Niko tayari kuhamia na kuishi huko, na familia yangu imeridhia mpango huo. Ninakusudia kutumikia kwa kipindi kisichopungua miaka 3, nikishirikiana na wahudumu wa afya ya jamii katika kupanga siku za kliniki ya mkoba kulingana na shughuli za wakazi."

Tazama jinsi familia ilivyotajwa kwa maneno machache tu. Huna wajibu wa kueleza habari za nyumbani kwako katika barua ya kazi, na maelezo marefu kuhusu mwenzi wako yangeweza kuzua mashaka ambayo msomaji hakuwa nayo. Hata hivyo, kauli kwamba familia imeridhia inaondoa hofu iliyo ya kawaida kabisa, mradi iwe ni kweli. Ikiwa hamjakubaliana, usiiandike. Zungumzeni kwanza, kwa sababu mara nyingi ombi la uhamisho huzaliwa katika mazungumzo ambayo hayakufanyika kabla ya kuripoti.

Kuhusu kuitumikia jamii, jihadhari na lugha ya huruma. Waombaji wenye nia njema huandika kwamba wanataka "kuwakomboa wananchi maskini wasio na elimu ya afya," bila kufikiri kwamba barua inaweza kusomwa na mtu aliyezaliwa katika kijiji hicho hicho, au na mjumbe wa kamati ya zahanati. Utumishi unaonekana vizuri zaidi katika tendo lililotajwa wazi, kama vile kliniki ya mkoba, chanjo, ushauri wa uzazi wa mpango, au kujifunza lugha inayozungumzwa na wakazi ikiwa huijui. Kadhalika, usiulaumu mji. Mtu anayeandika kwamba amechoshwa na msongamano anasomeka kama anayekimbia kitu, na msomaji hatajua utakimbia nini baadaye.

Aya hii ikae baada ya ile inayotaja sifa zako za kitaaluma, kabla ya kufunga barua, na barua nzima isizidi ukurasa mmoja. Kwenye mstari wa YAH, andika jina la nafasi na kumbukumbu namba ya tangazo kama zilivyochapishwa, kwa kuwa barua isiyo na kumbukumbu hiyo inaweza kuwekwa katika fungu lisilo lake. Ukiweza, ambatisha barua ya msimamizi wako wa mafunzo ya vitendo, ili yale uliyoyasema kuhusu kuishi kijijini yathibitishwe na mtu mwingine. Maswali ya nyumba na posho ya mazingira magumu ni ya haki na uyaulize, lakini mahali pake ni kwenye usaili au baada ya kupewa nafasi.

Mwisho, pima neno la miaka 3 kabla ya kulitia sahihi. Ukiajiriwa, barua ya maombi huenda ikahifadhiwa katika faili lako la utumishi, na siku utakapoomba uhamisho inaweza kusomwa tena ikilinganishwa na ombi hilo jipya. Ikiwa unaweza kuahidi miaka 2 tu, andika 2. Ikiwa huwezi kuahidi muda wowote, iondoe sentensi hiyo na uuache ushahidi wa mafunzo yako ubebe aya yote.