Wekundu wa vijidudu vya kwenye simtanki unatoka wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimefungua simtanki letu hapa Nyegezi nikakuta vijidudu vyekundu, vyembamba, vinajinyonganyonga kwenye tope la chini. Muuza dawa mmoja anasema ni minyoo inayonyonya damu, nimwagie mafuta ya taa na watoto wanywe dawa yake. Mwalimu wa mwanangu anasema wadudu hawana damu nyekundu. Sasa huo wekundu umetoka wapi?

Jibu: Marahaba. Usimwage mafuta ya taa, na dawa hiyo usiwape watoto. Hao ni mabuu ya kironomidi, visubi wasiouma. Ndugu zao waliokomaa wamo katika yale mawingu ya wadudu unayoyaona yakipaa juu ya Ziwa Victoria. Wekundu huo ni wao wenyewe, hawakuunyonya popote.

Mwalimu amesema kweli kwa karibu wadudu wote. Mende akikatika mguu hutoka majimaji yasiyo na rangi, au ya manjano hafifu. Hiyo ndiyo damu yake, na kitaalamu huitwa himolimfu. Mshipa mmoja wa mgongoni huisukuma kuelekea kichwani, kisha humwagika katika uwazi wa mwili, ikaviogesha viungo vyote mpaka irudi kwenye mshipa ule kupitia vitundu vya ubavuni mwake. Hubeba sukari, homoni na taka. Ina seli zinazomeza vijidudu vya maradhi na kuziba jeraha, na mgandamizo wake ndio unaokunjua mabawa mapya mdudu anapojivua gamba.

Oksijeni haimo katika mizigo yake ya maana. Hiyo huingia kwa vitundu vya pembeni mwa mwili na kupita katika mirija ya hewa inayogawanyika mpaka kwenye seli, kama mtaa ambao kila nyumba ina bomba lake. Ndani ya hewa oksijeni husambaa takribani mara 10,000 haraka kuliko ndani ya maji, kwa hiyo katika mwili mdogo hivyo inafika yenyewe, bila kupakiwa kwenye damu. Himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu yetu, ingekosa kazi.

Buu wako anaishi kwingine kabisa. Hana vitundu vilivyo wazi, anapumua kwa ngozi, na makao yake ni kijumba cha tope. Lita moja ya hewa ina mililita 210 hivi za oksijeni, lakini lita ya maji yenye joto la kwetu haifikishi hata 7, na ndani ya tope inaweza kukaribia sifuri. Hapo ndipo himoglobini inapomfaa. Imeyeyuka moja kwa moja katika himolimfu, haimo ndani ya chembe nyekundu kama yetu, na hunasa oksijeni hata ikiwa kidogo mno. Anapotikisa mwili kuvuta maji mapya anaijaza, akitulia anaitumia.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba kila mdudu mwenye wekundu amenyonya mtu. Mweke kwenye sahani nyeupe umtazame. Mbu aliyeshiba huwa mwekundu tumboni tu, kwa sababu damu yako imo katika utumbo wake, haichanganyiki na himolimfu wala haimbebei oksijeni. Nzi ukimponda, wekundu unaouona ni rangi ya macho yake. Buu huyu ni mwekundu karibu mwili mzima, ana kichwa kigumu cha kahawia, na vijiguu vifupi mbele na nyuma. Mnyoo hana kichwa cha namna hiyo.

Mafuta ya taa humuua kiluwiluwi wa mbu kwa kuwa hupanda juu kuvuta hewa kwa mrija. Huyu hapandi. Mafuta yataelea, yeye atabaki chini, na maji yako yatakuwa sumu. Klorini ya kiwango cha nyumbani nayo mara nyingi haimmalizi. Mwaga maji yote, sugua na utoe tope lote, kisha funga wavu wa chandarua kwenye mfuniko na bomba la kumwagia ziada, maana jike hutaga mayai juu ya maji na kwa joto letu kizazi kipya hukomaa ndani ya wiki chache.

Hao wanaouza chupa kwa kuonyesha kidudu chekundu wanafanya jambo la hatari zaidi. Mabuu haya hayaishi ndani ya mwili wa binadamu, ila kichocho kipo ziwani kweli, na vimelea vyake vinavyotoboa ngozi ni vidogo mno kuviona kwa kutazama maji tu. Nyingi ya kichocho cha ufuko huu ni cha utumbo. Mtoto anayeogelea ziwani akipata choo chenye damu, halafu mzazi akaridhika na chupa ya mitaani, ugonjwa unaendelea kuharibu ini. Mpeleke kituo cha afya, choo kipimwe, na kikionekana kichocho apewe prazikwanteli kwa kipimo kinachofuata uzito wake.