Friesian na Jersey kwa jedwali moja: maswali yenu ya wiki hii

*Katibu wa kikundi amenipa hii aya niigeuze jedwali, nianzie wapi? "Friesian ni mkubwa, anafika kilo 600, anatoa lita 25 kwa siku ukimlisha vizuri lakini anakula sana, bei ni kama 180,000. Jersey ni mdogo, lita 15, maziwa yake yana mafuta mengi, asilimia 5, na anavumilia joto kuliko Friesian."* (Njoro)

Usifungue kompyuta bado. Shika kalamu, na kwa kila neno la hiyo aya jiulize linajibu swali gani. "Kilo 600" linajibu swali la uzito, na "mkubwa" linajibu hilo hilo kwa hivyo linatoka. Ukifika mwisho utakuwa na maswali sita: uzito, maziwa kwa siku, chakula, mafuta, joto na bei. Hayo ndiyo yanakaa safu ya kushoto, alafu kila swali unauliza ng'ombe wote wawili, si mmoja. Hapo ndipo aya inaumbuka. Una visanduku 12 na vitano havina jibu la maana: uzito wa Jersey, chakula cha Jersey, bei ya Jersey, mafuta ya Friesian, na chakula cha Friesian. Kwa aya hakuna aliyeona hayo mapengo juu sentensi zilikuwa zinateleza vizuri.

Mengine nakujazia. Jersey mzima ni kama kilo 400, na maziwa ya Friesian huwa na mafuta karibu asilimia 3.5. "Anakula sana" hiyo ifute kabisa, si jibu. Ng'ombe wa maziwa tunampigia chakula kikavu kama asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, kwa hivyo Friesian wa kilo 600 ni kilo 18 na Jersey wa kilo 400 ni 12. Andika wazi kwamba ni kikavu, juu nepia mbichi sehemu kubwa ni maji na mtu akienda kupima kilo 18 za mbichi atamlaza ng'ombe njaa.

"Kuliko" nayo usiibebe hadi kwa kisanduku. Pale kwa joto andika "anasumbuka" upande wa Friesian na "anavumilia zaidi" upande wa Jersey, na watu wa Kisumu huo mstari wausome mara mbili.

Sasa kitu ambacho karibu kila mtu anapoteza. Aya ilisema lita 25 *ukimlisha vizuri*. Je, zile 15 za Jersey ni za aliyelishwa vizuri pia, ama ni za yule wa jirani anayekula mabua? Rudi kwa katibu umuulize kabla hujaandika, kwa sababu ukiweka 25 na 15 kando kwa kando msomaji ataamini zimepimwa sawa. Akikuambia zote ni za kulishwa vizuri, andika hivyo kwa jina la mstari: "Lita kwa siku, akilishwa vizuri". Akikuambia hajui, basi sharti libaki ndani ya kisanduku cha Friesian peke yake na la Jersey liandikwe "lishe haijasemwa".

*Majina ya ng'ombe yakae juu ama kando?* (Bungoma)

Juu. Sifa kando. Vitu ni viwili tu, sifa zinaweza kufika kumi, na simu ni nyembamba.

*Bei ya Jersey sikuipata nikaweka dashi, ni sawa?* (Molo)

Si sawa, na hili nimelijibu mara nyingi mpaka naumia. Dashi mtu mmoja anaisoma "hakuna", mwingine "sifuri", mwingine "haihusiki". Andika "haijasemwa" ama "uliza soko". Kubahatisha ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu bei uliyoikisia ikishakaa kando ya bei ya kweli zinafanana sura na hakuna atakayejua ni gani ilitoka kichwani mwako. Kuna mtu atachukua mkopo akiangalia hicho kisanduku.

*Jersey si ndiye ana mafuta mengi, mbona kwa jedwali lako lingine Friesian anashinda?* (Kakamega)

Hayo ni maswali mawili umeyaweka mstari mmoja. Asilimia ni mafuta ndani ya kila lita, na hapo Jersey anaongoza, 5 kwa 3.5. Lakini piga hesabu ya ndoo nzima ya siku, ukichukua lita moja kama kilo moja: lita 25 mara asilimia 3.5 ni gramu 875, na lita 15 mara asilimia 5 ni gramu 750. Kwa hivyo weka mistari miwili, "Mafuta kwa lita" na "Mafuta kwa siku", na huo wa pili uandike umehesabiwa na wewe. Neno "mengi" kwa aya likikutana na swali lisilosemwa ndilo linaleta ubishi kwa mikutano. Na kama maziwa yako yananunuliwa kwa lita bila kupimwa mafuta, mstari wa lita ndio uupandishe juu.

*Nikiconvert kwa Word bei zinapasuka, 180 huku na 000 kule. Shida ni nini?* (Nakuru mjini)

Umetenganisha na koma, na bei yako ina koma ndani. Tumia alama ambayo haiko kwa maandishi yako:

```
Sifa|Friesian|Jersey
Uzito (kilo)|600|400
Mafuta (%)|3.5|5
Bei (sh)|180,000|haijasemwa
```

Chagua hiyo mistari yote, nenda `Insert`, `Table`, `Convert Text to Table`, alafu kwa `Separate text at` bonyeza `Other` uandike `|`. Kabla ya kubonyeza `OK` angalia `Number of columns`. Ikisema 3 endelea, ikisema 4 kuna alama imezidi mahali, rudi uitafute. Kipimo kama kilo ama shilingi kiandike mara moja tu kwa safu ya sifa, na kikae kimoja pande zote mbili, usiweke lita kwa siku huku na lita kwa mwezi kule.

*Nikituma kwa WhatsApp nguzo zinahama.* (Kisumu)

Nafasi za kubonyeza spesi hazishiki pale, herufi hazina upana mmoja. Tuma picha ama PDF. Tafadhali hili tusirudie wiki ijayo.

*Naweza kumalizia na mstari wa "Bora ni gani"?* (Njoro)

Hapana. Mtu wa Molo kwenye baridi na nepia ya kutosha na mtu wa Ahero kwenye joto hawana jibu moja, na ukiandika "Friesian" pale chini hakuna atakayesoma ile mistari ya juu. Kama kikundi kina maoni, yaandike kwa sentensi chini ya jedwali, na sababu yake.

Na wewe unayesoma jedwali la muuzaji, angalia mstari ambao haupo. Mimi nilinunua mashine ya kukatia ng'ombe nyasi kwa duka fulani, karatasi yao ilikuwa na jedwali safi la mashine mbili, nguvu, uzito, bei, waranti, na ile niliyochukua ilishinda kila mstari. Mstari wa visu vya spea haukuwepo. Visu vilipoisha nilizunguka mji mzima sikupata vya kuitosha, na ile nyingine visu vyake vilikuwa vinauzwa kila kona. Siku hizi kabla ya kusoma visanduku naandika kwanza maswali yangu pembeni, alafu natafuta kama yapo yote.